Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vishoka wa Leseni na Vitambulisho

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiria kumlipa mtu wa kati ili apate leseni ya udereva bila mtihani, au kitambulisho bila kupita hatua za kawaida, na pia kwa ajili ya yule ambaye tayari ameshalipa na sasa ameanza kuingiwa na wasiwasi.

Kishoka ni nani, na anatofautianaje na mtu anayenisaidia kihalali?

Kishoka ni mtu anayejipenyeza kati ya mwombaji na ofisi inayotoa hati, akidai kwamba anayo njia ya kuipata hati hiyo bila mwombaji kupita pale wanapopita wengine. Si kila anayelipwa kwa kusaidia ni kishoka. Anayekujazia fomu kwa sababu mtandao unakusumbua, shule ya udereva inayokuwekea miadi ya mtihani, na wakili anayekuandalia kiapo cha kurekebisha jina lililokosewa wote wanafanya kazi halali, kwa kuwa wanakusaidia kufika mbele ya ofisi ukiwa umejiandaa.

Mpaka unavukwa pale mtu anapoahidi kufanya kwa niaba yako jambo ambalo sheria inataka ulifanye wewe mwenyewe, kwa mwili wako: kupimwa macho, kufanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na kutia saini mbele ya ofisa. Mambo haya hayana mwakilishi. Mtu akikuambia kwamba huna haja ya kufika, kwamba atumiwe tu picha na kadi itakufuata nyumbani, basi ameshakueleza kwa kinywa chake kwamba anachokuuzia hakikupatikana kwa njia inayotambulika.

Hasa ni kitu gani wanachouza?

Ili kulijibu swali hili ni lazima kwanza tukubaliane leseni ni nini. Watu wengi huiona kama kadi, ile ya plastiki yenye upana wa milimita 85.6 na kimo cha milimita 53.98, kipimo kilekile cha kadi ya benki. Kadi hiyo ni kivuli tu. Leseni yenyewe ni kumbukumbu iliyoandikwa kwenye daftari la mamlaka, siku hizi kwenye kanzidata, inayosema kwamba mtu fulani, mwenye sura hii na alama hizi, alipimwa tarehe fulani na mtahini fulani na akaruhusiwa kuendesha magari ya daraja fulani. Kitambulisho nacho ni hivyohivyo. Kadi ikipotea, kumbukumbu inabaki na kadi nyingine inachapwa. Kumbukumbu isipokuwepo, hakuna kadi itakayoiumba.

Kwa hiyo kishoka anaweza kukuuzia mojawapo ya vitu vitatu. Cha kwanza ni hewa, yaani anachukua fedha na kupotea. Cha pili ni kadi ya bandia, iliyochapwa vizuri au vibaya, isiyo na kumbukumbu yoyote nyuma yake. Cha tatu ni kumbukumbu halisi iliyoingizwa kwa hila na mtumishi aliyehongwa. Vyote vitatu hutangazwa kwa maneno yaleyale, na mnunuzi hana namna ya kujua amepewa kipi mpaka siku atakapokihitaji. Ajabu ni kwamba hicho cha tatu, ambacho wengi hukiona ndicho salama kuliko vyote, ndicho chenye hatari iliyojificha zaidi, na tutakirudia hapa chini.

Amenitumia kiungo cha kuhakiki, nimeingiza namba na jina langu limetokea. Je, hiyo si ushahidi tosha?

Hapana, kwa sababu kiungo umepewa na muuzaji. Kutengeneza ukurasa wenye nembo, rangi na maandishi yanayofanana na ya ofisi ya serikali ni kazi ya muda mfupi, na ukurasa huo unaweza kupangwa uonyeshe jina na picha ya kila aliyelipa malipo ya awali. Vivyo hivyo kwa msimbo wa QR uliochapwa nyuma ya kadi. Msimbo huo ni anwani iliyoandikwa kwa miraba midogo badala ya herufi, na ukiupiga kwa simu utakupeleka popote alipotaka yule aliyeuchapa.

Jifunze kuisoma anwani. Anza kwenye mstari mmoja wa mlazo `/` unaofuata jina la tovuti, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Katika anwani `https://leseni.serikali.example.com/hakiki`, mwenye tovuti ni `example.com`. Maneno "leseni" na "serikali" yaliyotangulia yamewekwa na mwenye tovuti kwa hiari yake, na angeweza kuweka neno lolote. Njia ya kuhakiki inayoaminika ni kuiandika mwenyewe anwani rasmi ya mamlaka, uliyoipata kwenye stakabadhi, bango la ofisi au tangazo la mamlaka yenyewe, au kufika dirishani na kuomba waiangalie namba. Ukimwambia kishoka kwamba utahakiki kwa njia hiyo kabla ya kumalizia malipo, sikiliza sababu atakazozitoa. Mara nyingi atasema mfumo "haujasasishwa" au kwamba kuulizia kutaivuruga kazi.

Vipi kuhusu kadi au pasipoti anayosema inapita kwenye skana?

Inategemea skana inasoma nini. Pasipoti, na vitambulisho vingi vya taifa, vina sehemu yenye mistari ya herufi, tarakimu na alama za `<`, iliyopangwa kwa kufuata waraka namba 9303 wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Ndani ya mistari hiyo kuna tarakimu za ukaguzi. Tarehe ya kuzaliwa huandikwa kwa tarakimu sita, kila tarakimu huzidishwa kwa 7, 3 na 1 kwa zamu, majibu hujumlishwa, na tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo huandikwa mara baada ya tarehe. Mtu aliyezaliwa tarehe 15 Februari 1990, na mghushi aliyebadilisha mwaka huo kuwa 1988, watatoa hesabu hizi:

```
900215:  9×7 + 0×3 + 0×1 + 2×7 + 1×3 + 5×1 = 85   -> 5
880215:  8×7 + 8×3 + 0×1 + 2×7 + 1×3 + 5×1 = 102  -> 2
```

Mghushi mzembe hubadilisha mwaka akaisahau ile 5, na skana humkamata papo hapo. Mghushi makini hupiga hesabu upya, na kadi yake "itapita" kwenye skana inayosoma mistari peke yake. Hilo ndilo jaribio ambalo kishoka hukurekodia video na kukutumia.

Asichokuonyesha ni hatua mbili zinazofuata. Hati yenye chipu hubeba taarifa zilizotiwa saini ya kidijitali kwa ufunguo wa siri ambao mamlaka pekee inao. Taarifa zikibadilishwa hata kwa herufi moja, saini hiyo hukataa, na uchapaji mzuri hausaidii kitu. Hatua ya pili ni ofisa kuilinganisha namba ya hati na kanzidata. Hapo kadi isiyo na kumbukumbu huonekana vile ilivyo, hata kama plastiki yake ni bora kuliko ile ya serikali.

Malipo huwa yanakwendaje kwa kawaida?

Tuchukue mfano wa kutunga, lakini ambao hatua zake zinajirudia kila mahali. Kijana amepata ahadi ya kazi ya udereva na ametakiwa apeleke leseni ndani ya wiki mbili. Anaona tangazo, anaandika ujumbe, anajibiwa upesi na kwa lugha ya upole: bei ni kiasi fulani, theluthi moja itangulie, iliyobaki ailipe akiipokea kadi. Masharti hayo yanamtuliza, kwa sababu anaona kwamba hata akitapeliwa atapoteza theluthi tu. Anatuma fedha kwenye namba ya mtu binafsi, si kwenye akaunti ya ofisi, na anaambiwa asiandike sababu ya malipo.

Baada ya siku mbili anatumiwa picha ya kadi yenye sura yake, ikiwa imeshikwa mkononi juu ya meza. Picha hiyo ina kazi kubwa kuliko kadi yenyewe, kwa maana sasa kijana anaamini kwamba kitu chake kipo tayari na kinamsubiri. Hapo ndipo gharama mpya zinapoanza: ada ya "kuiwasha kwenye mfumo", kisha posho ya ofisa wa zamu, kisha usafirishaji. Kila ada ni ndogo ikilinganishwa na alichokwisha kulipa, na kila mara anaambiwa hiyo ndiyo ya mwisho. Anapofikia kulipa mara mbili ya bei waliyopatana na kuanza kuhoji, sauti inabadilika. Anakumbushwa kwamba jina lake, picha yake, namba ya kitambulisho chake na ujumbe alioandika kwa mkono wake akiomba leseni bila mtihani vyote vimehifadhiwa, na kwamba polisi wangependa kuviona.

Kijana huyu hajapata leseni, hajapata kazi, na sasa ana mtu anayemshikilia. Kishoka anajua tangu mwanzo kwamba mteja wake atasita kwenda kulalamika, kwa kuwa malalamiko yake yataanza na maelezo ya kosa alilotaka kulitenda. Biashara nzima imejengwa juu ya kusita huko.

Sijalipa chochote bado. Nimempa picha na taarifa zangu tu. Nina hatari gani?

Pengine kubwa kuliko ya fedha. Angalia alichokuomba, kimoja kimoja. Picha ya kitambulisho pande zote mbili inatosha kujaza fomu nyingi kwa jina lako. Selfi ukiwa umeshika kitambulisho karibu na uso ndiyo aina ya uthibitisho ambao baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni na huduma za fedha huutaka kabla ya kufungua akaunti. Saini uliyoitia kwenye karatasi nyeupe ukaipiga picha inaweza kukatwa na kubandikwa chini ya mkataba wowote. Na kama alikuomba umsomee namba fupi iliyoingia kwenye simu yako, akasema ni ya "kuthibitisha maombi", namba hiyo huenda ilikuwa ufunguo wa akaunti yako ya ujumbe au ya fedha.

Taarifa hizi haziozi. Fedha ulizotapeliwa unajua ni kiasi gani na zilipotea lini, lakini laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako inaweza kutumika kuwatapeli wengine baada ya miezi mingi, na wewe ndiye utakayetafutwa kwanza. Na inawezekana kabisa kwamba kadi za bandia anazowatumia wateja wengine zina namba ya kitambulisho chako.

Kama kweli ana mtu wa ndani na kumbukumbu yangu imeingizwa, kuna shida gani tena?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Kanzidata ya leseni huhifadhi matokeo, lakini pia huhifadhi nyayo: nani aliingiza taarifa, kwa akaunti ipi, saa ngapi, na taarifa hiyo inaambatana na nini. Leseni iliyopatikana kihalali ina mkia mrefu nyuma yake, yaani malipo yaliyoingia akaunti ya serikali, cheti cha macho, kibali cha kujifunzia kilichotangulia, miadi ya mtihani, karatasi ya alama iliyosainiwa na mtahini. Leseni ya kununua ina matokeo bila mkia, au ina mkia usiolingana: ufaulu ulioingizwa usiku, mtahini aliyekuwa likizo siku hiyo, watu kumi waliofaulu kwa gari moja ndani ya dakika zilezile.

Mkaguzi anapomshuku mtumishi mmoja, hahitaji kumtafuta kila mnunuzi. Huchukua akaunti ya mtumishi huyo na kupitia kila alichokigusa. Orodha ya wateja wa kishoka huwa imejiandika yenyewe. Wewe uliyelipa miaka mitatu iliyopita, ukafuta ujumbe na kusahau, unagundua siku unapokwenda kuhuisha leseni na kuambiwa kwamba imefungiwa, au barabarani ofisa anapoingiza namba na kukuomba ushuke. Kishoka hakukudanganya aliposema kumbukumbu ipo. Alichonyamazia ni kwamba kuwepo kwake kunamtegemea mtumishi ambaye wewe humjui, na ambaye siku akikamatwa ana kila sababu ya kutaja majina.

Tukio la jimbo la Illinois, Marekani, ni la kufikiriwa na kila anayedhani hongo ya leseni humgusa mtoaji na mpokeaji peke yao. Mwezi Novemba 1994, kipande cha chuma kilidondoka kutoka kwenye lori katika barabara kuu ya jimbo jirani la Wisconsin, kikapasua tangi la mafuta la gari la familia lililokuwa nyuma, na watoto sita wa familia hiyo wakafariki. Uchunguzi uliofuata ulifunua kwamba dereva wa lori alipata leseni kupitia hongo kwenye ofisi za leseni za Illinois, na kwamba sehemu ya fedha za hongo kama hizo ilikuwa ikiingia kwenye mfuko wa kampeni wa mkuu wa idara hiyo, George Ryan, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana. Watumishi na watu wa kati wengi walitiwa hatiani, na Ryan mwenyewe alitiwa hatiani mwaka 2006 akahukumiwa kifungo cha miaka sita na nusu. Kati ya tukio na hukumu ya Ryan ilipita zaidi ya miaka kumi na moja. Mtu aliyenunua leseni mwanzoni mwa kipindi hicho angeweza kuamini kwa miaka mingi kwamba jambo lake limekwisha.

Mimi najua kuendesha vizuri. Mtihani ungenisaidia nini?

Huenda ni kweli unajua. Lakini mtihani hupima pia yale ambayo mtu hawezi kujipima mwenyewe. Mtu ambaye macho yake yamepungua nguvu taratibu haoni kwamba yamepungua, kwa sababu hana cha kulinganisha nacho. Anajua tu kwamba usiku taa za mbele zinamsumbua. Aliyejifunza kwa kubahatisha barabarani huwa na mazoea ambayo hayajawahi kumletea ajali bado, kama vile kutotazama sehemu isiyoonekana kwenye kioo kabla ya kubadili njia. Daraja la leseni nalo lina maana yake: anayemudu gari dogo hajathibitisha kwamba anajua umbali unaohitajika kulisimamisha lori lenye mzigo kwenye mteremko. Nasema haya kwa dhati, kwa kuwa wanaoumia zaidi na leseni za kununua ni abiria na wapita njia ambao hawakulipa wala kulipwa.

Nikipata ajali, bima itanilipa?

Bima ya gari kwa kawaida huweka sharti kwamba anayeendesha awe na leseni halali ya daraja la gari hilo. Baada ya ajali kubwa kampuni huomba nakala ya leseni na kuihakiki kwa mamlaka, jambo ambalo pengine hawakulifanya siku ya kukukatia bima, ndiyo maana watu hudhani imekubalika. Ikibainika kuwa ni ya bandia au ilipatikana kwa udanganyifu, dai la uharibifu wa gari lako linaweza kukataliwa. Kuhusu mtu uliyemgonga, katika nchi nyingi kampuni hulazimika kumlipa kwanza kwa mujibu wa sheria, kisha hukugeukia wewe ikidai irejeshewe. Deni la namna hiyo, lenye gharama za matibabu na fidia ya ulemavu au kifo, linaweza kumfuata mtu kwa muda mrefu kuliko adhabu ya leseni yenyewe.

Kuna watu mtandaoni wanauza "leseni ya kimataifa" ya miaka kumi. Hiyo ni halali?

Si halali, na hili ni mojawapo ya maeneo ambayo ulaghai hubainika kwa urahisi. Hakuna leseni ya udereva ya kimataifa inayojitegemea. Kilichopo ni kibali cha kimataifa cha udereva, kinachotambuliwa na Mkataba wa Geneva wa 1949 na Mkataba wa Vienna wa 1968, nacho ni kijitabu kinachoieleza leseni yako ya nyumbani kwa lugha mbalimbali. Cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja. Cha mkataba wa 1968 hakizidi miaka mitatu, wala hakiwezi kuishi muda mrefu kuliko leseni kinachoieleza. Hutolewa na nchi iliyokupa leseni, au chama cha waendesha magari kilichoidhinishwa na nchi hiyo, na hakina nguvu bila leseni yenyewe kuwepo mkononi. Anayekuuzia kadi ya miaka kumi bila hata kuuliza kama una leseni amekuuzia plastiki.

Na kwa kitambulisho, je? Nina haki ya uraia, nataka tu kuharakisha.

Mwenye haki ndiye anayepoteza zaidi. Mifumo mingi ya vitambulisho huchukua alama za vidole za mwombaji na kuzilinganisha na za watu wote waliokwisha kusajiliwa, ili mtu mmoja asiwe na namba mbili. Kishoka anapokusajili kwa cheti cha kuzaliwa cha kughushi, kwa tarehe iliyosogezwa au jina lililorekebishwa ili mambo yaende haraka, vidole vyako halisi vinafungwa kwenye taarifa za uongo. Siku utakapojitokeza na taarifa zako za kweli, mfumo utasema tayari upo, kwa jina jingine. Hapo maombi yako ya kweli ndiyo yatakayoonekana kuwa ya udanganyifu, na kumbukumbu zote mbili zinaweza kusimamishwa mpaka uchunguzi ukamilike.

Ukishafika hapo huwezi kubadilisha vidole. Kinachobaki ni kuthibitisha upya wewe ni nani kwa kumbukumbu za kliniki, za shule, za wazazi na viapo vya mashahidi, yaani kazi ileile uliyotaka kuikwepa, sasa ukiifanya ukiwa mshukiwa. Na kwa kuwa hati huzaa hati, uongo mmoja wa mwanzo huingia kwenye pasipoti, akaunti ya benki, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako.

Lakini ofisini kwenyewe wanachelewesha makusudi, na wakati mwingine ofisa ndiye anayenielekeza kwa kishoka. Nifanye nini?

Malalamiko haya ni ya haki, na hayajibiwi kwa kumwambia mtu avumilie. Ofisi inayompotezea mwananchi faili lake ndiyo inayomtengenezea kishoka soko. Hata hivyo kuna mambo yanayosaidia. Omba orodha ya mahitaji kwa maandishi kabla ya kuanza, kwa sababu nenda-rudi nyingi hutokana na karatasi moja iliyosahaulika au jina lililoandikwa tofauti kwenye hati mbili. Tofauti ya herufi moja irekebishe kwanza. Tunza namba ya maombi na tarehe, na ufuatilie kwa maandishi ukitaja namba hiyo. Uliza kama kuna huduma rasmi ya haraka, kwa kuwa baadhi ya ofisi zinayo: utaitambua kwa ada iliyotangazwa hadharani, inayolipwa kwenye akaunti ya mamlaka na kukupa stakabadhi, na ambayo hufupisha foleni bila kufuta mtihani wala kupigwa picha. Ofisa akikuelekeza kwa mtu wa nje, andika jina lililo kwenye beji yake, dirisha na saa, kisha peleka malalamiko kwa msimamizi au kwa chombo cha kuzuia rushwa.

Nimeshalipa. Nianzie wapi?

Acha kulipa, hata kama umeahidiwa kwamba bado hatua moja. Usifute chochote: hifadhi ujumbe, namba zilizopokea fedha, kumbukumbu za miamala na picha ulizotumiwa. Wasiliana mara moja na benki au mtoa huduma wa fedha za simu, kwa sababu uwezekano wa kuzuia muamala hupungua kila saa inayopita. Badilisha nywila, hakiki ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ripoti kwamba picha za kitambulisho hicho ziko mikononi mwa wengine.

Kama kadi tayari unayo, usiendeshe kwa kuitegemea na usiionyeshe popote, kwa maana kuitumia hati ya kughushi huwa ni kosa la peke yake, mbali na kuinunua. Kabla ya kwenda kutoa maelezo, zungumza na wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Uzito ambao sheria inampa mtu aliyejisalimisha mwenyewe unatofautiana, na ni vyema ujue unasema nini na kwa nani. Kumlipa kishoka ili anyamaze hakusaidii, kwani picha na ujumbe wako vitaendelea kubaki kwake.

Ninaajiri madereva. Nitajuaje kwamba leseni niliyoletewa ni ya kweli?

Usitosheke na nakala, wala na kuikagua kadi kwa macho. Hakiki namba kwa mamlaka iliyoitoa, na ulinganishe jina, tarehe ya kuzaliwa, daraja na tarehe ya kuanza kwa daraja hilo na yale aliyokueleza mwombaji. Kisha mwombe akusimulie alifanyia wapi mtihani, kwa gari la aina gani na alipewa zoezi lipi. Aliyeufanya hukumbuka, hasa pale alipokosea. Mwisho mpe gari la daraja hilohilo, akiwa na mtu mzoefu pembeni, kwenye eneo lililofungwa. Hakiki tena kila leseni inapohuishwa, kwa kuwa kumbukumbu iliyokuwepo mwaka jana inaweza kuwa imefutwa mwaka huu bila mwenye kadi kukuambia.